Flashi Haionekani Kompyuta Ikiwaka: Iulize Menyu Kabla ya Kugusa Mpangilio

"Shikamoo mjomba. Flashi haionekani."

"Marahaba. Haionekani wapi?"

"Haionekani tu. Nimeingia BIOS, nimeweka USB juu kabisa, nimesevu. Bado inaingia Windows."

Mpwa wangu alikuwa na laptopu ya mtumba, HP EliteBook 840 G3. Mashine hiyo haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliyokuwamo iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo akaamua kuweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwa kuiwasha mashine kutoka kwenye flashi. Alishapakua faili la karibu gigabaiti 3 kwa bando la simu, na alikuwa amekesha siku mbili akiwasha na kuzima.

Swali langu la "haionekani wapi" halikuwa la kumkejeli. Flashi inaweza kupotea mahali patatu, na kila mahali pana sababu zake. Inaweza kuwa menyu yenyewe ya kuchagua kifaa haifunguki, hivyo hujui kama flashi ipo au haipo. Inaweza kuwa menyu inafunguka lakini flashi haimo. Au imo, unaichagua, halafu inakataa na kukurudisha ulikotoka. Anayesema "haionekani" bila kusema ni ipi kati ya hizo atabadilisha mipangilio yote ya BIOS mpaka asahau ilivyokuwa mwanzo.

Na kitu ambacho karibu kila mtu huanza kukibadilisha, yaani `Boot Order`, ndicho chenye hatia mara chache kuliko vyote.

Mpangilio huo ni foleni tu. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, programu iliyomo kwenye ubao wa mashine (tunaiita BIOS kwa mazoea, ingawa kwenye mashine nyingi za miaka kumi iliyopita ni UEFI) inaanza juu ya foleni na kuuliza kila aliyemo: una kitu cha kuwashia? Asiye nacho anarukwa kimyakimya, bila ujumbe wowote, na zamu inaenda kwa anayefuata. Ndiyo maana mpwa wangu aliweka USB ya kwanza na bado akaishia Windows. USB iliulizwa, haikuwa na jibu, ikarukwa. Tena ule mstari wenye neno USB ndani ya foleni mara nyingi ni jina la aina ya kifaa, si la flashi yako. Unaweza kuwapo hata kama hujachomeka chochote. Kuuona hakuthibitishi lolote.

Shahidi wa kweli ni menyu ya kuchagua kifaa mara moja, ile inayoitwa `Boot Menu`. Haifuati foleni, na huonyesha kile mashine ilichokikuta dakika hiyohiyo. Flashi ikiwa kwenye menyu hiyo, unaichagua na foleni haikuhusu. Isipokuwamo, hata ungeipandisha juu ya foleni mara mia, haitawaka.

Unabonyeza, unabonyeza, inaingia Windows

Anza na kitufe chenyewe. Mpwa wangu alikuwa anabonyeza F12 kwa sababu maelekezo aliyoyafuata yaliandikwa kwa ajili ya Dell. Kwenye Dell F12 ni menyu, sawa, na kwenye ThinkPad za Lenovo pia. Lakini kwenye HP, F12 ni amri ya kuwaka kupitia mtandao. Nilipomuuliza skrini inasema nini, akanisomea `Start PXE over IPv4`. Yeye alidhani hapo ndipo mashine inatafuta flashi. Kumbe ilikuwa inatafuta seva kwenye waya wa mtandao usiokuwapo, inachoka, kisha inakwenda Windows.

Kwenye HP unabonyeza Esc kwanza, inakuja orodha fupi ya vitufe, halafu F9 kwa menyu ya kifaa au F10 kwa mipangilio. Laptopu za Asus hutumia Esc kwa menyu na F2 kwa mipangilio. Acer ni F12 na F2, ila Acer wana mtego wao: kwenye matoleo mengi F12 haifanyi kazi mpaka uingie kwa F2, uende ukurasa wa `Main`, uwashe mstari wa `F12 Boot Menu`. Lenovo za IdeaPad nyingi zina kitufe kidogo cha pembeni, wakati mwingine ni tundu tu la kuchomeka pini, kinachoitwa Novo. Unakibonyeza mashine ikiwa imezimwa na menyu inakuja bila kukimbizana na sekunde. Kwa kompyuta za mezani, ubao wa MSI na wa ASRock ni F11, Gigabyte ni F12, Asus ni F8.

Bonyeza kwa kugonga-gonga, kama mara mbili kwa sekunde, kuanzia pale tu unapowasha. Kukishikilia kitufe bila kuachia kunaweza kusomeka kama kibodi imekwama. Kwenye laptopu ambazo F1 hadi F12 zimegeuzwa kuwa vitufe vya sauti na mwanga, jaribu kushika Fn kwanza. Na kama unatumia kibodi ya Bluetooth, iweke pembeni utafute ya waya, kwa sababu mara nyingi mawasiliano yake huanza pale mfumo unapokuwa umeshawaka.

Kama kitufe ni sahihi na bado hakuna kinachotokea, washukiwa ni wawili wenye majina yanayofanana, na kuchanganywa kwao kumewapotezea watu usiku mwingi.

Wa kwanza anaishi ndani ya Windows na anaitwa `Fast Startup`. Alikuja na Windows 8. Ukichagua `Shut down`, Windows inafunga programu zako na kukutoa, lakini kiini chake na viendeshi vyake haivizimi. Inavihifadhi kwenye faili la `hiberfil.sys`, na ukiwasha inavirudisha kama vilivyokuwa. Kwa hiyo kile unachokiona kama kuzima ni usingizi mzito. Cha ajabu kwa wengi ni kwamba `Restart` haifanyi hivyo: inazima kila kitu kweli na kuanza upya. Ukitaka mashine ianze upya kabisa, iwashe upya badala ya kuizima na kuiwasha. Au uzime kikamilifu kwa amri hii:

```
shutdown /s /t 0
```

Kuiondoa `Fast Startup` moja kwa moja, nenda `Control Panel`, `Power Options`, `Choose what the power buttons do`, bonyeza `Change settings that are currently unavailable`, kisha ondoa alama kwenye `Turn on fast startup (recommended)`. Kwa mtu anayetaka Linux na Windows zikae mashine moja, hili si la kuahirisha. Windows iliyolala namna hiyo inaacha diski yake kama mlango uliofungwa nusu, na Linux ikiikuta hivyo itakataa kuandika humo, itakuruhusu kusoma tu.

Wa pili anaishi kwenye BIOS na anaitwa `Fast Boot`. Huyu hajui habari za Windows. Kazi yake ni kuruka ukaguzi wakati wa kuwaka ili kuokoa sekunde, na miongoni mwa vinavyoweza kurukwa ni kuviamsha vifaa vya USB. Flashi haikuulizwa jina, kwa hiyo haiwezi kuitika. Kwenye mipangilio mikali zaidi hata kibodi ya USB haiamshwi mpaka Windows ifike, na hapo unakuwa kama aliyefungiwa nje na ufunguo uko ndani: kuzima `Fast Boot` kunataka uingie BIOS, na `Fast Boot` ndiyo inayokuzuia kuingia.

Njia ni kuingia kwa mlango wa nyuma. Fungua `Command Prompt` kwa `Run as administrator`, andika:

```
shutdown /r /fw /t 0
```

Mashine itajizima na kuwaka ikiwa tayari ndani ya mipangilio ya UEFI, bila kitufe chochote. Usipotaka kuandika, shikilia Shift huku ukibonyeza `Restart`, na kwenye skrini ya bluu nenda `Troubleshoot`, `Advanced options`, `UEFI Firmware Settings`. Kwenye skrini hiyohiyo ya bluu pana `Use a device`, ambayo kwenye mashine za UEFI inaweza kukuonyesha flashi moja kwa moja. Kama Windows yenyewe imekufa na huwezi kupita humo, kwenye kompyuta ya mezani chomoa waya wa diski. Mashine nyingi zikikosa pa kuwakia hukupeleka zenyewe kwenye mipangilio au menyu.

Kwenye EliteBook ya mpwa wangu, `Fast Boot` ilikuwa kisanduku chenye tiki ndani ya `Advanced`, `Boot Options`. Tukaitoa. Jirani yake pana `USB Storage Boot`; nikamwambia ahakikishe ina tiki. Ilikuwa nayo. Esc, F9, na kwa mara ya kwanza menyu ikafunguka.

"Kuna Windows Boot Manager, kuna mambo ya Network. Flashi hakuna, mjomba."

Hatukuwa tumefika, lakini sasa tulijua tuko wapi.

Menyu imefunguka, flashi haimo

Sehemu kubwa ya kesi huishia hapa, na sehemu kubwa ya hizo kosa liko kwenye flashi, si kwenye mashine.

Windows iliyomo kwenye diski imejiandikisha kwa jina kwenye kumbukumbu ya ubao. Flashi ni mgeni, haijaandikwa popote. Kwa hiyo UEFI inaitambua kwa kitu kimoja tu: inatafuta kwenye flashi sehemu iliyofomatiwa kwa FAT32, na ndani yake faili lenye anwani hii:

```
\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI
```

Likiwapo, flashi inapata mstari kwenye menyu. Lisipokuwapo, kwa mashine hiyo ile ni flashi ya kubebea picha za harusi.

HP wana kitu kizuri hapa ambacho watu wengi hukiruka. Chini kabisa ya menyu ya F9 pana mstari wa `Boot From EFI File`. Ukiufungua, unaonyeshwa sehemu zote za diski ambazo UEFI inaweza kuzisoma, na unaweza kuingia ndani kutembea kwenye folda. Huu ni mkato wa uchunguzi: sehemu ya flashi ikionekana humo, basi soketi ni nzima, `Fast Boot` haizuii tena, na tatizo ni kilichoandikwa kwenye flashi. Isipoonekana kabisa, turudi kwenye soketi, fomati na mipangilio. Nikamwambia aingie. Zilikuwapo sehemu mbili, moja ya diski na nyingine ya USB. Akaingia ile ya USB.

"Unaona folda ya EFI?"

"Hakuna folda."

"Hiyo Mint uliiwekaje kwenye flashi?"

"Nilikopi, nikapesti."

Faili la ISO ni picha ya diski nzima iliyofungwa ndani ya faili moja. Ukilikopi, flashi inakuwa na faili moja kubwa, na lile `BOOTX64.EFI` limo ndani ya kifurushi ambacho UEFI haina habari ya kukifungua. Kinachotakiwa ni kukifungua na kukiandika kwenye flashi kwa programu ya kazi hiyo, kama Rufus. Namna ya kujijua ni rahisi: fungua flashi ndani ya Windows. Ukiona faili moja lenye mkia wa `.iso`, hujaandika, umehifadhi tu. Ukiona folda nyingi na mojawapo ni `EFI`, umeandika. Kuna hali moja ya kuchanganya: flashi iliyoandikwa kwa balenaEtcher, au kwa `DD Image mode` ya Rufus, inaweza kuifanya Windows iseme inahitaji kufomatiwa. Usikubali, ni kwa sababu Windows haisomi mpangilio ule, UEFI itausoma.

Kwenye Rufus kuna sehemu mbili zinazoamua kama flashi itaonekana: `Partition scheme` na `Target system`. Kwa mashine ya UEFI chagua `GPT`, na `UEFI (non CSM)` itajiweka yenyewe. Kwa mashine ya zamani inayowaka kwa njia ya `Legacy`, chagua `MBR` na `BIOS (or UEFI-CSM)`. Flashi iliyoandikwa kwa upande mmoja tu haitaonekana kwenye menyu ya upande mwingine, na mashine haitakuambia sababu. Hujui yako ni ipi? Ndani ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, na usome mstari wa `BIOS Mode`. Ikiandika `UEFI`, ni GPT. Ikiandika `Legacy`, ni MBR.

Hapa niseme kitu kuhusu ushauri unaozagaa wa kuwasha `Legacy Support` au `CSM`, yaani ile njia ya zamani ya kuwaka, "ili flashi ionekane". Mara nyingine flashi inaonekana kweli. Lakini Windows iliyosimikwa kwa UEFI haiwaki kwa Legacy, na Linux utakayosimika ukiwa upande wa Legacy haitaweza kukaa menyu moja na Windows iliyo upande wa UEFI. Mimi naona ni kubomoa ukuta kwa sababu umekosa ufunguo. Andika flashi upya kwa upande ulio sahihi. Ni dakika kumi.

Mpwa wangu akaandika upya. Flashi ya gigabaiti 8, Rufus, GPT. Rufus ikamuuliza kama anataka `ISO Image mode` au `DD`, akaacha ile iliyopendekezwa. Akairudisha, Esc, F9. Mstari mpya ukatokea wenye neno UEFI na jina la mtengenezaji wa flashi. Hakugusa foleni.

Kama flashi yako imeandikwa vizuri na bado haimo, angalia soketi. Mashine za mwaka 2011 au 2012 hivi, enzi soketi za USB 3.0 zilipokuwa ngeni, mara nyingi zilizitumikisha kwa chipu ya pembeni ambayo BIOS haikuijua mpaka kiendeshi cha Windows kifike. Ndani ya Windows flashi inafanya kazi barabara, wakati wa kuwaka haipo. Soketi hizo kwa kawaida ni za bluu ndani, hamia nyeusi. Acha kupitia kigawanyio cha USB, na kwenye kompyuta ya mezani tumia soketi za nyuma zilizo kwenye ubao wenyewe badala ya za mbele zinazopita kwenye nyaya. Chomeka kabla ya kuwasha, si menyu ikishafunguka, kwa sababu orodha hutengenezwa mara moja.

Mwisho kwenye kundi hili ni mashine zilizotoka maofisini. Laptopu nyingi za mtumba zinazoingia kwetu zilikuwa mali ya kampuni, na fundi wa kampuni alizima kuwaka kwa USB kisha akaweka nenosiri la msimamizi. Dalili yake ni kwamba unaingia BIOS, unaona mistari yote, lakini ile ya USB ina rangi ya kijivu na haibadiliki. Kwenye laptopu za biashara nenosiri hilo halifutiki kwa kutoa betri ndogo ya ubao, limehifadhiwa pengine. Nimewahi kupoteza siku nzima na mashine ya namna hiyo. Mwenye jibu ni aliyekuuzia, kwa hiyo ingia BIOS ukiwa dukani kabla hujatoa hela.

Imo kwenye menyu, unaichagua, inakataa

Hapa usirudi nyuma kugusa foleni wala `Fast Boot`, hayo yameshapita. Soma maneno kwenye skrini.

Ukiona neno `Secure Boot` au `Security Violation`, UEFI imelikuta faili lakini haiitambui sahihi yake. Mint, Ubuntu na Fedora zina kianzishi chenye sahihi inayokubaliwa, kwa hiyo huna haja ya kuzima `Secure Boot` kwa sababu yake. Isipokuwa kama ISO yako ni ya zamani. Mwezi Agosti 2024 sasisho la Windows lilifuta uhalali wa vianzishi vya zamani vya Linux vyenye udhaifu, na mashine zilizopokea sasisho hilo zikaanza kuvikataa kwa maneno haya:

```
Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation
```

Dawa ya kwanza ni kupakua toleo jipya la ISO. Ukiamua kuzima `Secure Boot`, angalia kwanza kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, maana mabadiliko hayo yanaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48 siku utakaporudi. Amri ya kuangalia, ukiwa msimamizi:

```
manage-bde -status C:
```

Ikisema `Protection On`, tafuta ufunguo huo kabla ya kugusa chochote. Kwa aliyeingia Windows kwa akaunti ya Microsoft, kwa kawaida huwa umehifadhiwa huko, kwenye `aka.ms/myrecoverykey`. Nakili kwenye karatasi, si kwenye laptopu hiyohiyo.

Ukipata skrini nyeusi, au menyu ikikurudia bila neno lolote, shuku faili lenyewe. Upakuaji wa gigabaiti 3 kwa mtandao unaokatika hukosea. Linganisha alama ya faili na ile iliyochapishwa kwenye tovuti ya Mint:

```
certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256
```

Weka jina la faili lako mahali pa `linuxmint.iso`. Herufi moja ikitofautiana, pakua tena. Zikiwa sawa zote, badilisha flashi. Zile za bei ya kutupa mitaani mara nyingine zinadai gigabaiti 64 na ndani hazifiki 8.

Mahali ambapo foleni ina kazi

Kesho yake simu ikalia tena. Mint ilisimikwa bila kosa kando ya Windows, akatoa flashi, akawasha, ikaingia Windows.

Sasa hili ndilo tatizo la `Boot Order`. Vifaa viwili vina jibu, na anayeulizwa kwanza ndiye anayewasha. Nikamwambia abonyeze Esc, F9, asome.

"Kuna Windows Boot Manager, halafu kuna ubuntu. Mjomba, mimi niliweka Mint, hii ubuntu imetoka wapi? Nimekosea?"

Hajakosea. Mint imejengwa juu ya Ubuntu na hujiandikisha UEFI kwa jina hilohilo, `ubuntu`. Akaichagua, Mint ikawaka. Ndani yake akafungua kituo cha amri na kuandika `sudo efibootmgr`. Nikifupisha, alichokiona ni hiki:

```
BootCurrent: 0001
BootOrder: 0000,0001
Boot0000* Windows Boot Manager
Boot0001* ubuntu
```

`BootCurrent` ni aliyewasha safari hii, `BootOrder` ndiyo foleni. Kilichobaki ni kuipindua:

```
sudo efibootmgr -o 0001,0000
```

Namba za kwako zitakuwa nyingine. Tumia zilizo kwenye orodha yako, na uandike zote zilizomo kwenye foleni, si mbili tu. Akawasha upya, ikaja menyu ya Mint yenye Linux juu na Windows chini. Kama masasisho ya Windows yatairudisha foleni ilivyokuwa, jambo ambalo hutokea, F9 ataikuta palepale, na amri ni ileile.